Kufunga mwezi bila kukesha: kisa cha ripoti tatu za Kirumba

Kampuni yenyewe ni ndogo. Ina watu kumi na wanne, ofisi na ghala Kirumba, Mwanza, kibanda cha usiku karibu na Mwaloni, na tawi Nansio, kule Ukerewe. Inauza vitu vya uvuvi: nyavu, kamba, maboya, taa na betri za kuvulia dagaa, oili na plagi za injini za boti, na barafu. Mauzo yote yanaingia kwenye mfumo mmoja ulio juu ya kanzidata ya PostgreSQL, kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya kabati la ofisini. Lakini mwisho wa mwezi mfumo huo ulikuwa kama stoo tu. Dada wa hesabu alichota data, akaimwaga kwenye Excel, na kwa siku tano hadi saba akatengeneza ripoti kumi na moja kwa mkono. Mwenye mali, ambaye wote tunamwita Mzee, alizipata tarehe 9 au 10.

Ubaya wa tarehe hizo ni kwamba ndizo zenye kodi. Kodi ya mishahara inatakiwa ifike TRA kabla ya tarehe 7 kupita, na ritani ya VAT kabla ya tarehe 20. Dada alikuwa anaandaa mishahara, anatafuta tofauti kwenye Excel na anapokea simu za Mzee, vyote ndani ya wiki moja. Mwishoni mwa Julai 2024 Mzee akaniita. Baada ya shikamoo na marahaba alisema jambo moja: kufikia mwisho wa Oktoba anataka ripoti zije zenyewe tarehe 4 asubuhi, bila mtu kulala ofisini.

Miezi mitatu inasikika kama muda mrefu, lakini mwezi unafungwa mara moja tu kwa mwezi. Mpango wa miezi mitatu una mazoezi matatu: kufunga Julai, kufunga Agosti, kufunga Septemba. Ukiharibu moja, theluthi ya mpango imekwenda. Kwa hiyo tuligawa hivi: mwezi wa kwanza nakaa pembeni naangalia Julai ikifungwa kwa mkono, kisha tunajaribu skripti, yaani programu fupi ya kutoa ripoti, juu ya miezi iliyokwisha kufungwa. Mwezi wa pili ripoti ya mkono na ya ratiba zinatoka sambamba, na ya mkono ndiyo inayotumika. Mwezi wa tatu ya ratiba ndiyo inayotumika, na ya mkono inabaki kama tairi la akiba.

Agosti: kilichomo kwenye kauntabuku

Tarehe 1 hadi 3 Agosti nilikaa kiti cha pili mezani kwa dada, sikugusa kibodi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila mara mkono wake ulipobadilisha namba. Skripti yoyote inaweza kujumlisha. Kinachoivunja ni masahihisho ambayo mtu anayafanya kila mwezi mpaka yamekuwa kama kupumua, hata hayaandiki popote.

Yeye kumbe aliyaandika. Alikuwa na kauntabuku jekundu, kurasa zimekunjika pembe, na maandishi ya penseli. Alipofika kwenye mauzo ya kibanda cha usiku, akafunua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari, kisha akafuta mistari minne kwenye Excel.

"Dada, hizo umezifuta kwa nini?"

"Hizi za BOTI YETU, kaka? Ni boti ya Mzee mwenyewe. Barafu inaenda, hela haiji. Si mauzo haya."

Basi, mfumo ulikuwa unamwona Mzee kama mteja. Kila mwezi barafu na oili ya boti yake ilionekana kama mauzo ya mkopo, na kila mwezi dada aliifuta. Kama tungeweka ratiba siku hiyo, ripoti ya kwanza ingemwonyesha Mzee kwamba anajidai mwenyewe.

Kwa siku tatu nilipata masahihisho tisa. Mengi yalikuwa madogo, kama mteja mmoja aliyeandikwa kwa majina mawili. Lililokuwa zito lilihusu mzigo wa Nansio. Nyavu zikipakiwa melini tarehe 31, ghala la Kirumba linazipunguza siku hiyo hiyo, Nansio wanaziingiza zikifika. Usiku wa mwisho wa mwezi nyavu hizo hazipo popote, na thamani ya stoku inashuka bila sababu. Dada alikuwa anaziongeza kwa penseli. Sisi tulifungua kituo cha tatu ndani ya mfumo, tukakiita NJIANI. Mzigo ukitoka Kirumba unaingia NJIANI, ukipokelewa Nansio unatoka NJIANI. Sahihisho likaondoka kwenye ripoti, likawa kazi ya kila siku mahali panapohusika. Nayapenda zaidi masahihisho ya aina hiyo. Kila sahihisho unaloliacha ndani ya skripti ya ripoti ni kauntabuku jingine, ila hili hakuna anayeweza kulifunua.

Wiki hiyo hiyo tulimwuliza Mzee, ripoti moja moja, anafanya nini nayo. Nne kati ya kumi na moja hakuzifungua tangu mwaka uanze, tuliziacha. Nne nyingine ni za mishahara na makato, hizo hatukuzigusa, maana zina tarehe zake za kisheria na mfumo wake. Zikabaki tatu: mauzo kwa kituo, madeni ya wateja kwa umri wa deni, na stoku pamoja na thamani yake. Watu wengi huanza na zote kumi na moja. Mimi naona ni kosa, kwa sababu kila ripoti ina masahihisho yake ya siri, na nafasi za kuyagundua ni tatu tu.

Saa tatu zilizopotea

Wiki mbili za mwisho za Agosti tuliirudisha skripti nyuma, tukaiambia itoe ripoti za Februari hadi Julai, miezi ambayo dada alishaifunga. Ndiyo njia ya kupata mazoezi sita bila kusubiri miezi sita. Mauzo ya mchana yalilingana kila mwezi, baada ya kuondoa BOTI YETU. Ya kibanda cha usiku hayakulingana hata mwezi mmoja.

Julai, dada alikuwa na shilingi 41,386,500 za kibanda. Skripti ilisema 41,712,000. Tofauti ni 325,500. Februari tofauti ilikuwa 9,000 tu. Kosa la kujumlisha haliendi hivyo. Lingekuwa na ukubwa unaofanana, au lingetokea mara moja.

Aliyetoa fununu ni mlinzi wa kibanda, ambaye hajui kanzidata ni nini. Nilimwuliza usiku gani biashara inakuwa nzito. Akasema, giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwa angavu taa haziwavuti, maboti mengi hayaendi, na kibanda kinalala. Giza likiingia, watu wanagonga dirisha usiku wa manane wanataka betri, plagi, barafu. Nikafungua kalenda. Mwezi mpevu ulikuwa Februari 24, kwa hiyo usiku wa kuingia Machi 1 mbalamwezi ilikuwa bado na nguvu baada ya saa sita. Lakini mwezi mpya uliangukia usiku wa kuamkia Julai 6, na tena Agosti 4, yaani mpaka wa Juni na Julai, na ule wa Julai na Agosti, yote ilikuwa ndani ya giza. Tofauti ilikuwa kubwa pale ambapo usiku wa mpakani ulikuwa wa kazi.

Kumbe kanzidata ilikuwa inahesabu kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa UTC, Agosti 1 inaanza sisi tukiwa saa tisa usiku. Kila kilichouzwa Kirumba kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku wa kuamkia Agosti 1 kilihesabiwa Julai, na vilivyouzwa saa hizo hizo Julai 1 vilisukumwa Juni. Tulivitafuta kimoja kimoja: vya Agosti 1 vilikuwa 512,000, vya Julai 1 vilikuwa 186,500. Ukitoa, unabaki na 325,500, hakuna shilingi iliyobaki pembeni.

Duka linalofungwa saa kumi na mbili jioni lingeweza kuishi na kosa hili miaka kumi bila kuliona. Mstari wenye kosa ulikuwa huu:

```sql
WHERE date_trunc('month', muda) = '2024-07-01'
```

Safu ya `muda` ni ya aina ya `timestamptz`, na `date_trunc` hukata mwezi kwa saa ambayo kikao cha kanzidata kimewekewa. Tukaiandika upya ili mpaka utajwe kwa saa yetu, bila kutegemea mpangilio wa mashine:

```sql
WHERE muda >= TIMESTAMPTZ '2024-07-01 00:00:00 Africa/Dar_es_Salaam'
  AND muda <  TIMESTAMPTZ '2024-08-01 00:00:00 Africa/Dar_es_Salaam'
```

Angalia alama ya pili ni `<` na tarehe ni ya mwezi unaofuata. Ukiandika "mpaka 2024-07-31", kanzidata inaelewa saa sita usiku inapoanza tarehe 31, na siku nzima ya mwisho inaanguka nje. Kosa hilo nalo nimelikuta sehemu nyingine, na huwa linaonekana kama mwezi mbaya wa biashara.

Nikiwa kwenye mambo ya saa, kuna moja la kwetu Waswahili. Mzee alisema ripoti ije saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kijana wa kompyuta akaandika kwenye ratiba `30 12`. Wiki nzima ya majaribio ripoti ikawa inatoka saa sita na nusu mchana, na yeye anaapa alifuata alichoambiwa. Tangu hapo kwenye karatasi ya mpango kila saa tunaiandika mara mbili: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 06:30.

Stoku haikuwezekana kurudishwa nyuma. Mauzo na malipo yana tarehe, kwa hiyo unaweza kujua mteja alidaiwa kiasi gani Julai 31 hata ukiuliza Septemba. Lakini jedwali la stoku lilikuwa linashika salio la sasa tu. La jana limefutwa na la leo. Ripoti ya stoku ikitoka tarehe 4 inaonyesha ghala la tarehe 4, si la mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tuliweka kazi ndogo ya kila usiku, dakika tano kabla ya saa sita, inayonakili salio:

```sql
INSERT INTO stoku_usiku (tarehe, tawi, bidhaa, idadi)
SELECT CURRENT_DATE, tawi, bidhaa, idadi FROM stoku;
```

Dakika tano za mwisho za siku tulikubali zituponyoke. Kazi hii ilianza Agosti 20, maana yake stoku ilipata majaribio mawili tu mahali ambapo mauzo yalipata nane. Tulimwambia Mzee hivyo wazi, kwamba hiyo ndiyo ripoti ya kuitilia shaka zaidi.

Septemba: ripoti mbili mezani

Agosti ilifungwa kwa njia mbili. Skripti ilitoka Jumatano tarehe 4 Septemba, dada akamaliza ya kwake tarehe 9. Kanuni tuliyokubaliana ni kwamba hakuna tofauti inayosamehewa kwa udogo wake. Kila tofauti ipate jina na mtu aliyeieleza. Ukisema "tofauti chini ya asilimia moja si neno", zile saa tatu za kibanda zingepita, maana hazikufika hata hapo.

Kibanda kililingana. Ghala la Kirumba lililingana. Nansio skripti ilikuwa pungufu kwa 2,180,000.

Hii haikuwa kosa la hesabu. Nansio waliandika mauzo ya mkopo kwenye vitabu vya risiti, vitabu vikaja na meli, dada akaviingiza mwenyewe Mwanza. Kitabu cha Agosti 27 hadi 31 kilifika Septemba 5. Skripti ilitoka siku moja kabla. Ilijumlisha kwa usahihi kabisa vitu ambavyo havijaingia.

Njia rahisi ilikuwa kusogeza ripoti hadi tarehe 8, na kijana wa kompyuta alipendekeza hivyo. Nilikataa, kwa sababu hiyo si ratiba, ni kuingoja meli. Badala yake tulibadilisha kazi ya Nansio. Kila jioni mhudumu anatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, kwenye mashine ya EFD ya risiti za kodi, anaipiga picha pamoja na kurasa za siku hiyo, anazituma WhatsApp. Dada anaingiza asubuhi, na jumla ya alichoingiza lazima iwe sawa na Z. Kitabu chenyewe kikija na meli kinakuwa cha kuhakiki tu. Uzuri wa Z ni kwamba imefungwa kwa siku yake. Mtu hawezi kesho kuipunguza au kuiongeza. Tena ritani ya VAT itapimwa na namba za EFD, kwa hiyo ripoti ya ndani inayopishana nazo inaleta shida kabla hata Mzee hajaisoma.

Pamoja na hilo tuliweka kufuli. Mwezi uliopita unabaki wazi hadi tarehe 3 saa kumi na mbili jioni, 18:00. Baada ya hapo mfumo unakataa ingizo lolote lenye tarehe ya mwezi huo. Likichelewa, linaingia mwezi mpya na alama ya kwamba ni la nyuma. Bila kufuli, ripoti ya ratiba ina ugonjwa mbaya: ukiitoa tena wiki mbili baadaye inatoa namba nyingine, na hapo ndipo watu wanaacha kuiamini. Kwa sababu hiyo hiyo faili la PDF likishatoka halifutwi wala kuandikwa juu yake.

Tofauti ya mwisho ilikuwa kwenye madeni: 1,240,000, mteja mmoja wa nyavu. Hapo skripti ilikuwa sahihi, dada ndiye aliyekosea. Alinakili malipo ya mteja huyo mara mbili kwenye Excel, kwa hiyo deni lake lilionekana dogo kuliko lilivyo. Tuliligundua tukiwa wawili tu, saa moja jioni. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kaka, Mzee atasema nimekuwa nikifanya hivi siku zote."

Tulirudi miezi sita nyuma kuangalia. Halikuwepo jingine. Nikaandika kwenye orodha ya tofauti: "malipo yamenakiliwa mara mbili kwenye Excel, yamesahihishwa," bila jina. Sikuficha, Mzee alisoma na hakuuliza. Lakini nalitaja kwa sababu mpango wa aina hii unaweza kufia hapo. Ukiufanya uwe mtihani wa kumpima dada, Oktoba hatakuonyesha kauntabuku lake.

Oktoba: ripoti isiyokuja

Oktoba 4 ilikuwa Ijumaa. Ripoti ya Septemba ndiyo ya kwanza iliyotakiwa kutumika bila ya mkono. Umeme ulikatika Kirumba saa kumi alfajiri, ukarudi saa tatu asubuhi. UPS ilishika kama dakika ishirini, kompyuta ikazima. Saa 06:30 ilipita ikiwa imezimwa. Umeme uliporudi kompyuta ikawaka, kila kitu kikaonekana kizima, na ripoti haikutoka. Ratiba tuliyotumia ilikuwa ya `cron`, na `cron` haina kumbukumbu ya saa iliyopita mashine ikiwa imelala. Inangoja tarehe 4 ya mwezi mwingine.

Hata hivyo umeme si sehemu mbaya ya kisa hiki. Mbaya ni kwamba hakuna aliyegundua hadi Jumapili jioni. Mzee alidhani bado inamaliziwa, kama zamani. Dada alidhani Mzee keshaipata, maana ndiyo maana ya kujiendesha. Ripoti ya mkono ikichelewa, kuna mtu mwenye mikono kichwani. Ripoti ya ratiba isipokuja, kuna ukimya, na ukimya kila mtu anausoma anavyotaka.

Tulifanya mambo matatu wiki iliyofuata. Kwanza tulihama kutoka `cron` kwenda kwenye saa ya `systemd`, ambayo ina kigezo cha kukumbuka:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-04 06:30:00
Persistent=true
```

`Persistent=true` maana yake mashine ikiwaka na kukuta saa ya kazi imepita, kazi inafanyika papo hapo. Tuliijaribu kwa mkono: tukaweka saa ya dakika kumi mbele, tukachomoa waya wa kompyuta, tukasubiri nusu saa, tukarudisha. Ripoti ikatoka. Kigezo ambacho hujakichomolea waya usikihesabu.

Pili, dada aliweka kengele kwenye simu yake, tarehe 4 kila mwezi saa nne asubuhi: "Ripoti imefika?" Kijana wa kompyuta alicheka, akataka kuandika programu ya kuchunguza. Lakini programu hiyo ingekaa kwenye kompyuta ile ile, juu ya kabati lile lile, na ingezimika na umeme ule ule. Anayechunguza lazima asimame mahali pengine.

Tatu, tulibadilisha kichwa cha ripoti. Ripoti inaweza kuja kwa wakati na bado ikawa tupu kwa sehemu, na jumla nzuri ya rangi haisemi hilo. Sasa juu kabisa, kabla ya namba yoyote ya biashara, kila kituo kina mstari mmoja: idadi ya mauzo yaliyohesabiwa, tarehe na saa ya uzo la mwisho, na tofauti kati ya mfumo na EFD. Kibanda kikionyesha uzo la mwisho ni tarehe 30 saa tano usiku, sawa. Nansio ikionyesha tarehe 24, hakuna haja ya kusoma chini.

Kijana alipendekeza pia ripoti ijikatae yenyewe kama mauzo ya wiki ya mwisho yamepishana na ya wiki kama hiyo ya mwezi uliopita kwa zaidi ya theluthi moja. Wazo si baya mjini. Kwa kibanda cha Mwaloni lingelia kila mara, kwa sababu mzunguko wa mwezi wa angani ni siku ishirini na tisa na nusu, wala haufuati kalenda ya ukutani. Giza linasogea taratibu ndani ya mwezi, na mauzo yanasogea nalo. Kengele inayolia bure watu wanaizima, kwa hiyo tuliiacha.

Ripoti ya Septemba yenyewe ilitoka Jumatatu tarehe 7, kwa mkono wetu, kwa amri ile ile ambayo ratiba ingeitoa. Kwa kuwa kufuli lilishafunga tarehe 3 jioni, namba zilikuwa zile ambazo zingetoka Ijumaa. Tairi la akiba halikutumika. Mpango ulisema tungemaliza Oktoba 31. Nilimwomba Mzee mwezi mmoja wa ziada, akatoa, ila kwa sharti kwamba dada asirudi tena kwenye Excel kwa ripoti zile tatu.

Kilichobaki kwa mkono kipo. Stoku bado inahesabiwa na watu wawili ghalani, kwa sababu kanzidata inajua nyavu zilizoandikwa, haijui zilizotafunwa na panya. Tarehe 1 hadi 3 sasa dada ana kazi ya kuhakikisha mwezi umeingia wote kabla ya kufuli. Inamchukua kama nusu siku. Kila asubuhi ya siku hizo tatu anatoa ripoti ya majaribio, anaangalia kile kichwa tu, na kufunga.

Novemba 2, Jumamosi, nilipita pale kuchukua malipo yangu. Kirumba ilikuwa sawa, kibanda sawa, NJIANI kuna marobota mawili ya nyavu yanayojulikana. Nansio ilisema uzo la mwisho Oktoba 29. Dada akapiga simu, akasubiri, akapiga tena. Mhudumu alikuwa na homa, aliyemshikia zamu hakujua habari za picha. Baada ya nusu saa picha zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine: Z ya tarehe 30, kurasa zake, Z ya tarehe 31. Ukurasa wa mwisho kidole gumba kilikuwa kimefunika tarakimu mbili za jumla. Dada akaikuza picha, akaigeuza, akakunja uso, akapiga simu mara ya tatu.

"Mdogo wangu, ondoa kidole, piga tena."